Ondoeni jedwali la waandishi katika Sura ya Pili: barua ya wazi kwa wasimamizi wa tasnifu

Kwa wasimamizi wa tasnifu za uzamili, wakuu wa idara na kamati za utetezi katika vyuo vinavyowahudumia watu wa Kisii na Nyamira.

Waheshimiwa walimu,

Nawaandikia kutoka Masimba. Kazi yangu ni kusoma tasnifu na kunyoosha lugha yake kabla haijapigwa chapa na kujalidiwa. Meza yangu iko ndani ya duka la saiba karibu na soko, na wateja wangu ni wanafunzi wenu. Wengi ni watu wazima wenye ajira na familia, wanaokuja Jumamosi na flashi mfukoni na tarehe ya utetezi ikiwa imekaribia. Mada zao ni za nyumbani: akina mama wanaouza ndizi na mboga, vijana wa bodaboda, mafundi wa kuchomelea vyuma, washonaji. Yaani ajira katika sekta isiyo rasmi. Wengi huandika kwa Kiingereza na wachache kwa Kiswahili, lakini Sura ya Pili ina ugonjwa ule ule katika lugha zote mbili.

Ninaloomba ni dogo. Katika miongozo mingi inayopita mezani pangu, mwanafunzi anatakiwa ajaze jedwali lenye safu za mwandishi, mwaka, mada, matokeo na pengo, kisha aligeuze jedwali hilo kuwa mapitio ya maandishi, aya au sentensi moja kwa kila mwandishi. Naomba sharti hilo liondolewe, na mwanafunzi atakiwe kupanga vyanzo vyake kwa hoja.

Nionyeshe kwanza kinachotokea sasa. Aya ifuatayo nimeitunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu, ila mkiifananisha na zilizo kwenye kabati zenu mtaona sikuongeza chumvi:

"ILO (1972) ilichunguza Kenya na ikapata kwamba sekta isiyo rasmi ina tija. Hart (1973) alichunguza Accra na akakubaliana na ILO kwamba watu wengi hujiajiri. Leys (1973) alichunguza Kenya na akapata kwamba sekta hiyo inanyonywa. De Soto (1989) alichunguza Peru na akapata kwamba sheria ni kikwazo. King (1996) alichunguza mafundi wa jua kali. Maloney (2004) alichunguza Amerika ya Kusini na akapata kwamba wengine huchagua kujiajiri. Kinyanjui (2014) alichunguza wanawake wa Nairobi. Hakuna aliyechunguza Masimba."

Chukueni sentensi hizo mzichanganye kama karata, mzisome kwa mpangilio wowote. Hakuna kitakachoharibika. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza ninapofungua Sura ya Pili, nacho hakihitaji mtu ajue uchumi. Aya yenye hoja haikubali kuchanganywa, kwa sababu sentensi ya tatu inaijibu ya pili.

Tazameni pia sentensi ya pili. Imeandikwa kwamba Hart alikubaliana na ILO, kwa sababu mwaka 1973 huja baada ya 1972. Lakini karatasi ya Keith Hart kuhusu wahamiaji wa kitongoji cha Nima, Accra, ilisomwa kwenye mkutano Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 1971. Mwaka 1973 ni wa kuchapishwa tu. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya ukatoa ripoti ya 1972 uliongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, wote wawili wa Sussex hiyo hiyo. Jedwali limempa mwanafunzi tarehe na kumnyima historia. Akaishia kuandika kwamba aliyetangulia alimfuata aliyekuja nyuma.

Na hata hilo si kosa kubwa zaidi. Kubwa ni kwamba Hart na ripoti ya Kenya hawazungumzii kitu kimoja. Hart aliangalia mapato ya mtu. Aliona kwamba maskini wa Nima hawakukaa bila kazi wakisubiri kuajiriwa, na kwamba hata mwenye mshahara alikuwa na shughuli ya pembeni, kwa sababu mshahara peke yake haukumfikisha mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mpaka kati ya rasmi na isiyo rasmi ulipita ndani ya mtu mmoja. Ripoti ya Kenya iliangalia biashara: ni rahisi kuianza, ni ya familia, ni ndogo, hutumia malighafi za hapa na ujuzi usiotoka darasani, tena hufanya kazi nje ya kanuni za serikali. Mmoja anamfuata mtu, mwingine anakifuata kibanda. Ukiwaweka kwenye mistari miwili ya jedwali, tofauti hii haina safu ya kuingia. Ukiuliza "kinahesabiwa nini?", inakuwa ndiyo habari yenyewe.

Swali hilo halikuishia miaka ya sabini. Mwaka 1993 wanatakwimu wa kazi wa kimataifa walikubaliana kuhusu maana ya sekta isiyo rasmi, wakaijenga juu ya biashara. Mwaka 2003 wakaongeza mwongozo kuhusu ajira isiyo rasmi, nao umejengwa juu ya kazi anayoifanya mtu, popote anapoifanyia. Kwa Masimba tofauti ni hii. Mwalimu wa shule ya kibinafsi iliyosajiliwa, asiye na mkataba wala mchango wa uzeeni, hayumo katika sekta isiyo rasmi, maana shule ni rasmi. Lakini ajira yake ni isiyo rasmi. Mtumishi wa serikali aliyenunua pikipiki akampa kijana aiendeshe, alete hesabu jioni, ana ajira rasmi kwa upande mmoja na biashara isiyo rasmi kwa upande wa pili. Na kijana je? Ameajiriwa, au anajiajiri? Hapo wanatakwimu wenyewe walisumbuka hadi mwaka 2018, walipoweka kundi la wafanyakazi wanaojitegemea kwa jina lakini wanamtegemea mwingine kwa kazi. Mwanafunzi anayeandika kuhusu bodaboda asipoliona swali hili atakuja na dodoso linalomuuliza kijana "Je, umejiajiri?", na kijana atajibu ndiyo au hapana kutegemea alivyoamka.

Kuna mfano mmoja ambao nimeuona mara nyingi kiasi kwamba sasa nautafuta kabla ya kusoma jambo lingine lolote. Mwanafunzi huandika kwamba takwimu za Kenya zinaonyesha sekta isiyo rasmi ina kama asilimia 83 ya ajira, na kwamba hili linathibitishwa na ILO, ambayo katika ripoti yake ya 2018 ilipata asilimia 85.8 kwa Afrika. Namba mbili zinakaribiana, naye anaandika "zinakubaliana". Hazikubaliani wala hazipingani, kwa sababu hazikuhesabu watu wale wale. Hesabu ya Shirika la Kitaifa la Takwimu katika taarifa ya uchumi ya kila mwaka inawaacha nje wakulima wadogo na wafugaji, na inahesabu sekta. Ile ya ILO inawaingiza wakulima, na inahesabu ajira. Ukaribu wa namba hizo ni wa bahati.

Sasa mrudisheni mwanafunzi huyo sokoni kwetu. Mama anayeuza mikungu ya ndizi siku ya soko ameikata kwenye shamba lake asubuhi. Mingine ameichukua kwa jirani kwa mkopo wa maneno. Iliyosalia atamwachia broka mwenye lori la Nairobi. Katika hesabu ya kwanza, saa za shambani hazimo na saa za sokoni zimo, kama kuna aliyemuuliza. Katika hesabu ya pili yumo mzima. Katika sehemu kama Kisii, ambako vipande vya ardhi vimekuwa vidogo mno na karibu kila mwuzaji ana mguu mmoja shambani, hili si jambo la tanbihi. Ndilo linaloamua kama tasnifu inazungumza juu ya mtu mmoja au juu ya nusu yake.

Mtaniuliza mwanafunzi aanzie wapi, maana kumwambia "panga kwa hoja" bila kumwonyesha ni sawa na kutomwambia. Mimi huwaagiza hivi. Soma kila chanzo na ukiandikie maelezo yake kama kawaida, pamoja na nambari za kurasa. Jedwali la waandishi linafaa sana hapa, ndani ya daftari. Kisha liweke kando. Chukua karatasi kubwa ya manila, na juu yake andika maswali ambayo vyanzo vyako vinayajibu kwa namna tofauti. Si mada, bali maswali. "Wanawake katika biashara ndogo" ni mada, nayo haimlazimishi mtu kubishana na yeyote. "Je, mwuzaji yuko sokoni kwa kukosa kazi au kwa kuchagua?" ni swali. Maswali matatu au manne yanatosha sura nzima. Yakifika kumi, mtu amerudi kwenye mada bila kujua.

Chini ya kila swali, kila chanzo kinachosema jambo kinaandikwa upande wake, pamoja na kile mwandishi alichokitegemea: alihesabu nani, wapi, lini, kwa njia gani. Hapo ndipo mwanafunzi hushtuka, kwa sababu jina moja linatokea chini ya maswali mawili au matatu, na pengine kwa pande tofauti. Hart yumo katika swali la kinachohesabiwa na yumo katika swali la kulazimika au kuchagua. Kenneth King, aliyeandika juu ya mafundi wa Kenya mwaka 1977 na akawarudia katika kitabu cha 1996, ana la kusema kuhusu kama biashara hizi hukua au hudumaa, na pia kuhusu mahali ambapo ujuzi hutoka. Mary Njeri Kinyanjui, katika kitabu chake cha 2014, anawaonyesha wanawake wa Nairobi wakitumia vyama na ujamaa wao kupata nafasi katikati ya jiji. Anajibu swali la nani anamwezesha mwuzaji, na jibu lake halifanani na la de Soto, anayesema kizuizi ni gharama ya sheria. Wenzake de Soto walijaribu kusajili karakana ndogo ya nguo mjini Lima, ikawachukua siku 289. Kwa mpango wa aya au sentensi moja kwa kila mwandishi, King angesemwa mara moja, kwa sentensi moja, na nusu ya kazi yake ingepotea.

Swali lisilo na mtu upande wa pili lifutwe. Kama kila chanzo kinajibu ndiyo, hakuna hoja ya kujadili. Panatosha sentensi moja yenye majina matatu mwishoni, kisha mwandishi aendelee. Hapa ndipo sura inapopungua uzito: kurasa sita za watu wanaosema kwamba mtaji ni haba hugeuka mistari miwili.

Basi hii hapa aya ile ya mwanzo, baada ya kupitishwa kwenye manila chini ya swali moja tu:

"Wanaouona ujasiriamali mdogo kama kimbilio na wanaouona kama chaguo wamekuwa wakijibizana bila kuwatazama watu wale wale. Hoja ya chaguo ina nguvu pale mtafiti alipoweza kuwafuata wafanyakazi wakihama kati ya mshahara na kujiajiri, kama ilivyofanyika Mexico (Maloney, 2004). Lakini kuhama huko kunahitaji pawepo na mshahara wa kuacha. Accra ya Hart (1973) inaleta ugumu mwingine: mwenye mshahara na mwenye biashara ya pembeni walikuwa mtu mmoja, hivyo hakuna alichokiacha. Kwa Kenya, Leys (1973) alilihamisha swali lenyewe. Kwake jambo si mwuzaji alifikaje pale, bali ni nani anayefaidi bei yake ndogo, na jibu lake ni kwamba bidhaa na huduma za bei ya chini huibeba sekta rasmi inayolipa kidogo. Utafiti wa soko unaomuuliza mwuzaji sababu ya kuanza biashara peke yake hauwezi kuamua kati ya watatu hawa. Unahitaji pia kujua ana kazi gani nyingine, na bidhaa yake inaishia kwa nani."

Jaribuni kuchanganya sentensi za aya hiyo. "Lakini kuhama huko" haina pa kwenda isipokuwa mahali ilipo. Angalieni pia kwamba ILO, de Soto, King na Kinyanjui hawamo. Hawakutupwa. Wanasubiri maswali yao. Na sentensi ya mwisho imeshaanza kuandika dodoso la Sura ya Tatu, bila mtu kubuni kichwa kiitwacho "pengo".

Kuhusu pengo, niwieni radhi nikiwa mkali. "Hakuna utafiti uliofanywa Masimba" si pengo. Hakuna utafiti uliofanywa nyuma ya nyumba yangu pia. Mahali huwa pengo pale tu panapobadilisha jibu la swali linalobishaniwa. Masimba inaweza kufanya hivyo kwa sababu niliyoitaja, yaani mwuzaji aliye mkulima, ambaye hesabu moja inamkata vipande na nyingine inammeza mzima. Tena madai ya kwamba hakuna kilichoandikwa huku mara nyingi yanatokana na kutafuta kwa maneno "sekta isiyo rasmi" peke yake. Margrethe Silberschmidt alichapisha mwaka 1999 kitabu kizima kuhusu Wilaya ya Kisii ya wakati huo, juu ya wanaume waliopoteza nafasi ya kuwa watafutaji na wanawake waliobeba mzigo wa nyumba. Kichwa chake ni cha jinsia, hivyo mwanafunzi wa biashara hakioni. Anayetafuta kwa swali la nani analazimika kwenda sokoni, na kwa nini, atakifikia.

Kuna mtego ambao nataka muuzuie mapema, kwa sababu mwanafunzi akiambiwa apange kwa hoja, mtego huu ndio wa kwanza kumnasa. Martha Chen aligawa nadharia za uchumi usio rasmi katika mikondo minne: wanaoona sekta mbili zisizokutana, wanaoona moja ikiinyonya nyingine, wanaolaumu sheria, na wanaoona hiari. Ni mgawanyo mzuri na unasaidia kuona mbali. Ila mwanafunzi huuchukua kama masanduku manne, akamweka kila mwandishi katika sanduku lake, na kazi ikaishia hapo. Hiyo ni orodha ya waandishi iliyovaa koti. Utaijua kwa kuwa hakuna mwandishi anayetoka kwenye sanduku lake kumjibu wa sanduku jingine, na kwa kuwa mwanafunzi hatamki popote ni ushahidi gani ungemfanya aliache sanduku moja achukue jingine. Hart, kwa mfano, haingii vizuri katika lolote, na hilo lilipaswa kuandikwa badala ya kufichwa.

Nakubali mpangilio wa hoja nao una hatari yake. Mtu akishapata swali zuri hujaribiwa kumpinda mwandishi ili akae upande unaohitaji mtu. Nimeona Leys akiandikwa kama mpinzani wa wachuuzi, hali alipinga matumaini ya ripoti, si watu. Dawa ni zile nambari za kurasa za daftarini: kila jina lililo kwenye manila liwe na ukurasa ambao msimamizi anaweza kuufungua. Na kuna mahali ambapo kufuata waandishi kwa miaka ni sahihi kabisa. Miaka ya 1971 hadi 1973, dhana yenyewe ilipozaliwa na kupingwa, lazima isimuliwe kwa mfuatano, maana pale wakati ndio hoja. Ukurasa mmoja unatosha.

Najua pia kwa nini jedwali linapendwa. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi anahitaji kuona upesi kwamba mtu amesoma. Basi jedwali libaki, liwe kiambatisho au karatasi anayokabidhiwa msimamizi mkononi, lisiwe umbo la sura. Na siku ya utetezi, badala ya kuuliza "umesoma vyanzo vingapi vya miaka mitano iliyopita?", mwulizeni mwanafunzi ni wapi Leys na de Soto wangeshindwa kuelewana kuhusu leseni ya kaunti, na mama wa ndizi angempa nani ushindi. Aliyejaza jedwali tu atanyamaza. Aliyepanga kwa hoja atataka aongezwe muda.

Sharti la kutumia vyanzo vya miaka mitano iliyopita lina madhara yake katika mada hii hasa, kwa sababu mabishano ya msingi yana zaidi ya miaka hamsini na yalifanyika juu ya nchi yetu. Mwanafunzi anayekatazwa kuyafikia hunukuu makala mpya zinazomnukuu mtu aliyemnukuu Hart, na njiani Accra hugeuka Nairobi. Hilo nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu, tena kwenye tasnifu iliyokuwa imeshapita kwa msimamizi.

Wanafunzi wapya wanaingia Septemba. Mkikubali kuigusa miongozo kabla ya hapo, ninayo sura moja iliyopangwa upya kwa hoja, na mwenyewe ameniruhusu niionyeshe pamoja na ile ya kwanza aliyoitoa kwenye jedwali. Idara itakayoihitaji itume mtu Masimba, nitatoa nakala zote mbili.

Wenu,
Msomaji wa tasnifu,
Masimba